Sentensi ya Nne

Kalamu nyekundu ya London ilikuwa imelizungushia neno moja mara thelathini na moja. Scolastika alihesabu akiwa amesimama mbele ya meza ya Bwana Pemberton, na Bwana mwenyewe alikuwa akitazama nje ya dirisha kama mtu ambaye karatasi zile hazimhusu.

Neno lilikuwa *use*. Hadubini ilitumika. Makopo yalitumika. Njia ya kuhesabu mbung'o ilitumika. Dawa ilitumika. Kurasa tatu za sehemu ya mbinu, na kila mstari kulikuwa na kitu kilichotumika. Pembeni mhariri alikuwa ameandika kwa mwandiko mdogo wa mtu aliyechoka: "Kilitumikaje? Sehemu ya mbinu huandikwa ili mgeni aweze kuirudia kazi yako bila kukuuliza."

"Hawalipendi neno langu," Bwana alisema. "Treni ya barua inapita Shinyanga Alhamisi, na leo ni Jumatatu. Nibadilishie. Yapo maneno mengine, *utilise*, *employ*, *apply*. Yanyunyize humo yachanganyike vizuri, yasijirudie. Wewe si umesoma?"

"Nimesoma, Bwana."

"Basi."

Alichukua karatasi akatoka. Neno lile "yanyunyize" lilimkera. Miaka miwili alikaa kwa masista akisomea cheti cha ualimu, na Mwalimu Apolonia, aliyemfundisha Kiingereza, alikuwa akiwachapa viganja wasichana waliotupia maneno makubwa kwenye insha kama mtu anayetia chumvi kwenye mchuzi wa jirani. Kwa Scolastika neno halikuwa chumvi. Lilikuwa na kazi yake, na likipewa kazi ya mwenzake liliharibu.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na tatu. Kituo cha Ibambala kilikuwa maili kumi na nne kutoka stesheni ya Shinyanga, nyumba sita za mabati ukingoni mwa pori, na kazi yake ilikuwa moja tu: kutafuta namna ya kuwaua mbung'o wanaowaambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana. Bwana Pemberton alikuwa ndiye mtaalamu. Karani mkuu na msimamizi wa kazi zote za porini alikuwa Valerian, mjomba wake Scolastika, kaka wa mama yake. Yeye ndiye aliyemwombea kazi ya kupiga taipu, na kwake ndiko alikolala na kula.

"Umepewa adhabu gani?" Valerian aliuliza alipomwona ameinamia zile karatasi.

"Kuondoa neno moja, Mjomba."

"Neno moja, na uso umekunjamana hivyo? Wangekupa kuondoa mawili ungezimia."

Walicheka wote. Valerian alikuwa mtu wa utani, mwenye suruali iliyopigwa pasi hata siku za kwenda zizini.

Scolastika alianza na sentensi ya kwanza. Hadubini ilitumika kuangalia damu ya ng'ombe. Aliiangalia kwa muda, kisha akaiacha kama ilivyokuwa. Hadubini imeundwa kwa kazi hiyohiyo. Ukisema *use* umesema yote, na mtu anayeandika *utilise* pale anataka tu kuonekana amevaa tai. Aliandika pembeni kwa penseli: libaki.

Ya pili ilikuwa ya makopo. Watu wa kituo walikuwa wakichukua makopo matupu ya mafuta ya taa, wanayatoboa kwa misumari, wanafunga kitambaa cha wavu mdomoni, na humo ndimo mbung'o waliokamatwa walimokaa wakiwa hai. Hapo alitabasamu. Hapa ndipo pa *utilise*. Kopo lilizaliwa kubeba mafuta. Mtu aliyekuwa na shida amelipata, akaligeuza, akalipatia faida ambayo mwenye kulitengeneza hakuiwazia. Akiandika *utilise*, msomaji atajua kwamba kituo hakikununua vizimba, kwamba palikuwa na ubunifu.

Ya tatu ilikuwa njia ya kuhesabu. Kila asubuhi watu wawili walitembea njia ileile ya maili nne na ng'ombe mmoja mweusi, wakisimama mahali palepale, wakikamata mbung'o wanaotua juu ya ng'ombe huyo na kuandika hesabu. Zilikuwepo njia nyingine za kuhesabu. Bwana aliichagua hii. Basi *employ* ilifaa: neno la mtu anayeiweka mbinu kazini kwa makusudi, akijua kwa nini ameiacha nyingine. Aliliandika, na moyo wake ulikuwa mwepesi.

Ndipo akafika sentensi ya nne.

*Dawa ilitumika kwa ng'ombe arobaini kila baada ya wiki mbili kwa muda wa miezi sita.*

Hii ilikuwa *apply*, hata mtoto angeona. Dawa huwekwa juu ya kitu, iguse ngozi. Lakini *apply* ni neno lenye maswali. Ukiliandika tu, msomaji anakuuliza: juu ya nini hasa, mgongoni au tumboni? Kwa kifaa gani? Kiasi gani? *Use* ilimruhusu mtu kupita bila kusimama. *Apply* ilimkamata mkono. Scolastika aliona wazi sasa kwamba mhariri wa London hakuchoshwa na neno kujirudia. Alichoshwa na kutojua.

Alifungua daftari la porini lililoandikwa na Valerian kwa Kiswahili. Tarehe tatu: *Dawa imetumika. Ng'ombe 40.* Tarehe kumi na saba: *Dawa imetumika. Ng'ombe 40.* Miezi sita, kurasa kwa kurasa, mwandiko mzuri uliolala upande, na neno moja. Mpango wa Bwana, uliobandikwa ukutani, ulisema pampu ya mkono, mwili mzima, painti mbili kila ng'ombe. Daftari halikutaja pampu hata mara moja.

Kiswahili kina kupaka, kina kunyunyizia, kina kumwagia, kina kutia, kina kusugua, na mjomba wake aliyejua maneno yote hayo alikuwa amechagua *kutumia*.

"Mjomba," alimwita, "dawa mliinyunyizia mwili mzima?"

Valerian alikuwa akichonga penseli. Aliendelea kuchonga. "Mpango si unao ukutani?"

"Mpango ni wa kabla ya kazi. Mimi nauliza kilichofanyika."

"Andika pampu, Skola. Andika mwili mzima. Unataka kumfundisha Bwana kazi yake?"

Penseli ilivunjika ncha.

Kesho yake asubuhi, kabla ya ofisi kufunguliwa, alikwenda zizini. Bujiku, mchungaji mkuu wa kituo, alikuwa akimkwangua kupe fahali mmoja mweupe. Alikuwa mzee wa miaka hamsini na kitu, na kila mtu alimwita kwa jina la binti yake mkubwa.

"Shikamoo, Baba Mageni."

"Marahaba, mwanangu. Mwangaluka," alimwamkia na kwa Kisukuma. "Mashine yako imelala leo, au imekutuma kwangu?"

"Imenituma. Inataka kujua mlivyowawekea dawa ng'ombe wale arobaini."

"Inataka kujua mashine!" Bujiku alicheka hadi fahali akatikisa masikio. "Iambie tuliwapaka. Kwa brashi ya chokaa, ile waliyopakia ukuta wa ofisi. Tumbo na miguu, basi."

"Na pampu?"

"Pampu ilikufa mwezi wa kwanza wa jaribio." Alishusha sauti, lakini kidogo tu, hakuwa mtu wa siri. "Mjomba wako aliichukua kwenda kupulizia pamba yake kule Ushetu. Ikarudi mpira umepasuka kama utumbo. Akaniambia, Bujiku, fanya unavyoweza. Sasa mimi na brashi, na dawa ile haitoshi mwili mzima. Nikasema, nimwekee wapi? Nikawaangalia mbung'o wenyewe. Hawatui mgongoni, mwanangu. Wachache sana. Wanatua miguuni, wanatua tumboni, pale ambapo mkia haufiki vizuri. Nikapaka pale wanapokaa."

"Na ng'ombe waliougua?"

"Watano. Wote mwezi ule wa pampu na siku chache baada yake. Tulipoanza brashi, wiki kadhaa zikapita, sikuona mwingine. Kaangalie vioo vyenu vya damu kama naongopa."

Scolastika hakuhitaji kuangalia. Alikuwa amelipiga taipu jedwali lile yeye mwenyewe. Watano mwanzoni, kisha sifuri, sifuri, sifuri, na chini yake Bwana ameeleza kwamba watano wale bila shaka waliambukizwa kabla jaribio halijaanza. Maelezo mazuri. Hayakuwa kweli.

Aliushika mti wa zizi. Mwezi ujao jaribio la pili lilikuwa linaanza, kubwa kuliko la kwanza. Mtemi alikuwa amekubali ng'ombe wa wananchi waingizwe katika mbuga yenye mbung'o wengi, wakilindwa na dawa. Kwa pampu mpya tatu zilizokuwa njiani kutoka Dar es Salaam. Mwili mzima, painti mbili. Wa kwanza kwenye orodha, mwenye alama ya kidole gumba chini ya jina lake, alikuwa Maige, ng'ombe thelathini na wawili.

Maige alikuwa baba yake. Wale thelathini na wawili walikuwa kila kitu alichokuwa nacho.

"Baba Mageni, pampu ile ikimpulizia ng'ombe, dawa inakwenda wapi?"

"Mgongoni, inang'aa vizuri, Bwana anafurahi. Tumboni yanafika manyunyu. Miguuni ng'ombe anatembea kwenye nyasi za umande, inafutika." Akamwangalia. "Mbona umebadilika rangi?"

Valerian alikuwa amemngojea kivulini nyuma ya stoo. Mtu alikuwa amemwona akielekea zizini. Ibambala haikuwa na mahali pa kwenda bila kuonekana.

"Amekwambia," alisema.

"Amenambia, Mjomba."

"Siku mbili tu niliiazima. Wadudu walikuwa wanaimaliza pamba, Skola, ungefanyaje?" Mikono yake ilizunguka vifungo vya shati. "Mali ya serikali. Bwana akijua si kufukuzwa tu, ni jela. Na ukishanitia mimi ndani, wewe unakaa wapi? Unadhani atamwacha mpwa wa mwizi kwenye taipureta yake? Mama yako atasema nini?"

"Na ng'ombe wa baba?"

Valerian alikuwa amekula nyama kwenye harusi mbili, na ng'ombe waliochinjwa walitoka kwenye zizi la Maige. 

"Ulijua wako kwenye orodha," Scolastika alisema.

"Mimi ndiye niliyewaandika. Nilidhani namfanyia shemeji hisani."

Siku ile nzima taipureta ilipiga. Hadubini, makopo, njia ya kuhesabu. Hata mwishoni, pale Bwana alipokuwa ameandika kwamba kanuni fulani ya hesabu ilitumika kwenye takwimu, aliweka *apply* kwa amani, maana kanuni nayo huletwa ikawekwa juu ya tarakimu mahususi, na tarakimu zilikuwepo kwenye jedwali. Maneno thelathini yalipata mahali. Mengi yalibaki *use* yaleyale, kwa sababu yalikuwa sahihi tangu mwanzo, na machache yaliondolewa kabisa: palipoandikwa kisu kilitumika kukata, aliandika tu kukata.

Kila aliporudi kwenye sentensi ya nne, vidole vilisimama. Akiandika kweli, mjomba wake anakwisha. Akiandika pampu, yeye mwenyewe kwa vidole vyake anawaua ng'ombe wa baba yake. Mwishowe alifanya jambo la woga, na alijua ni la woga. Aliiacha kama ilivyokuwa. *Dawa ilitumika.* Hakuna uongo ndani yake. Hakuna kitu chochote ndani yake.

Jumatano Bwana Pemberton alisoma akiwa amesimama, na uso wake ukafunguka.

"Umeacha *use* nyingi."

"Ndipo penyewe, Bwana."

"Na makopo… naam. Naam, tuliyageuza kweli. Sikulifikiria hilo." Alifungua ukurasa mwingine. "Lakini hii hukuigusa. Ya dawa."

"Sikuwa na uhakika, Bwana. *Apply* inataka kusema wapi na kwa kifaa gani."

"Inataka, na ndivyo wanavyouliza." Alichukua kalamu. Scolastika aliona ncha ikishuka kwenye karatasi, akaona herufi zikitokea moja baada ya nyingine: iliwekwa kwa pampu ya mkono, mwili mzima, painti mbili kwa kila ng'ombe. Bwana aliandika bila kusita, kama mtu anayeandika jina lake. Aliamini. Hilo ndilo lilikuwa baya kuliko yote. Kalamu ile haikuwa ya mwongo.

Mlangoni Valerian alikuwa amesimama na bahasha ya posta.  Scolastika alifungua kinywa. Aliuona uso wa mjomba wake, kijivu, shingo imezama kwenye kola. Akafunga kinywa.

"Piga hivyo," Bwana alisema.

Alipiga hivyo. Alhamisi treni ilipita.

Zilibaki wiki tatu kabla ng'ombe hawajaingia mbugani. Alimwandikia baba yake barua akaichana; Maige angesema nini kwa mtemi, kwamba binti yake mpiga taipu anamshinda mzungu? Angecheka, kisha angekwenda. Mtu aliyekwisha kuweka kidole gumba kwa mtemi hakirudishi.

Njia ilijitokeza mezani kwake bila kuitafuta. Wachungaji wa wananchi walihitaji maelekezo, na Bwana alimwagiza ayaandike kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, yasomwe zizini kila siku ya dawa. Yeye mwenyewe angekuwa Dar es Salaam mkutanoni mwezi wote wa kwanza wa jaribio. "Valerian atayaangalia na kutia sahihi," alisema. "Kiswahili changu ni cha jikoni."

Kwa Kiingereza alikuwa na nafasi ya neno moja. Kwa Kiswahili alikuwa na ukurasa mzima, na lugha ilikuwa yake. Hakuandika *tumia* hata mara moja. Aliandika: *Koroga dawa mpaka isiwe na chenga. Chovya brashi. Paka tumboni kutoka kwenye kiwele hadi kidarini, usirukie mahali. Paka miguu yote minne kuanzia gotini kushuka kwenye kwato, ndani na nje. Mgongoni usipake. Ng'ombe akikauka ndipo aende nyasini.*

Valerian aliusoma mara mbili. Kalamu ilikuwa mkononi.

"Hii ni brashi."

"Ndiyo, Mjomba."

"Pampu tatu zimekuja. Mpya. Ziko stoo, zina mafuta ya kiwandani bado."

"Zikae na mafuta yake."

"Bwana akirudi akaona—"

"Ataona ng'ombe wazima." Akamsogezea karatasi. "Ulisema unamfanyia shemeji yako hisani. Fanya."

Alitia sahihi. Mwandiko wake mzuri uliolala upande ulikuwa umesimama kama uzio.

Bujiku aliongoza kupaka. Bwana aliporudi, kila mara alipokwenda mbugani siku ya dawa Valerian alihakikisha anafika adhuhuri, kazi imekwisha, pampu zimelazwa nyasini zikiwa zimelowa maji. Maige alikuja kituoni mara moja na maziwa kwenye kibuyu. Ng'ombe wake wote thelathini na wawili walikuwa hai, na watatu walikuwa na mimba.

"Dawa ya wazungu kiboko," alisema.

"Ndiyo, baba," Scolastika alisema, na maziwa akayaweka mezani bila kuyaonja.

Alidhani ametoka mtegoni. Ilimchukua miezi sita kujua kwamba alikuwa amejifungia ndani na kuufunga mlango kwa komeo la pili.

Bwana Pemberton aliingia ofisini asubuhi ile akipunga gazeti la kitaalamu la London. Makala yake ilikuwa imechapishwa, na sentensi ya nne ilikuwa pale, nyeusi juu ya nyeupe. Mkono wa pili alikuwa na barua kutoka Geita. Watu walikuwa wakihamishia makundi yao magharibi, porini kuzunguka machimbo ya dhahabu, na ng'ombe wa kuwalisha wachimbaji walikuwa wakiswagwa kupita mapori hayohayo. Maofisa wa kule walikuwa wamesoma makala. Walikuwa wameagiza pampu mia moja. Kazi ingeanza wiki ijayo, ng'ombe elfu sita.

"Mara mbili!" Bwana alisema. "Jaribio la kwanza lingeweza kuwa bahati. La pili limethibitisha. Andika, Scolastika, hii fupi, ya kuwapelekea Geita mara moja." Akasema kwa Kiingereza, taratibu, akitembea. Alisimama kidogo, akamtazama kwa furaha ya mwalimu. "*Mbinu ileile iliwekwa kazini.* *Employ*, si ndiyo? Mbinu iliyochaguliwa kwa makusudi. Umenifundisha wewe."

Alitoka kwenda kutafuta ramani. Scolastika alibaki na karatasi kwenye mashine na kabonipepa chini yake.

Mbinu ileile. Kama asingeandika ule ukurasa wa Kiswahili, ng'ombe wa baba yake wangekufa, na mbung'o wangekuwa wamesema kweli kwa niaba yake. Makala ingeanguka. Pasingekuwa na pampu mia. Alikuwa amewaokoa thelathini na wawili kwa kuufanya uongo utembee kwa miguu miwili, na sasa ulikuwa umefika Geita kabla yake. Wenye ng'ombe elfu sita hawakuwa na binti kwenye taipureta.

Valerian alikuwa kwenye meza yake, mgongo umemgeukia. Alikuwa amesikia yote.

"Skola," alisema bila kugeuka. "Usiandike."

"Naandika, Mjomba."

"Nani atakuamini? Uliandika pampu mwenyewe. Uliandika brashi mwenyewe. Mikono yako imo kote."

"Ndiyo. Imo."

Alipiga. Hakuandika barua ya kuungama wala ya kuomba radhi; aliandika sehemu ya mbinu. Kwamba katika jaribio la kwanza dawa iliwekwa kwa pampu mwezi mmoja tu, mwili mzima, na ng'ombe watano waliugua. Kwamba baada ya hapo, na katika jaribio lote la pili, iliwekwa kwa brashi ya chokaa, tumboni na miguuni kuanzia gotini kushuka, na kwamba mpango huo aliubuni mchungaji Bujiku baada ya kuangalia mbung'o wanatua wapi. Kwamba aliyeandika haya alijua na alinyamaza. Kila *apply* ilikuwa na mahali pake, kifaa chake, kiasi chake. Mgeni yeyote angeweza kuirudia kazi ile bila kuuliza. Hakuwahi kuandika kitu kizuri kama kile.

Bwana alisoma akiwa ameketi. Alisoma tena. Furaha ilimtoka polepole, kuanzia machoni, na kilichobaki kilikuwa uso wa mtu mzee kuliko yule aliyeingia asubuhi.

"Gotini kushuka," alisema hatimaye.

"Ndiyo, Bwana."

"Mgongoni hakupaka kabisa?"

"Hakupaka, Bwana."

Aliangalia gazeti la London lililokuwa wazi mezani. Kisha alilifunga na kuweka juu yake kile chuma cha kugandamizia karatasi, kana kwamba lingeweza kuruka. "Ulisimama hapo," alisema. "Nilikuwa naandika, na wewe ulisimama hapo hapo."

 Dirishani nzi mmoja alikuwa akijigonga kwenye kioo.

"Mwite Valerian. Na wewe utaondoka mwisho wa mwezi. Lakini kwanza piga telegramu. Geita. Ifike leo."

Alipotoka, Valerian alikuwa amekwisha kusimama. Alikuwa amevaa koti na kufunga vifungo vyote, joto lile la Septemba. Penseli zake zilikuwa zimepangwa mezani kwa urefu.

"Ameuliza brashi, au ameniuliza mimi?"

"Ameuliza brashi kwanza," Scolastika alisema. "Sasa anakuita wewe."

Valerian alitikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu alichokwisha kununua. Akampita. Hakumgusa bega, jambo alilolifanya kila siku akipita pale. Mlango ukafungwa nyuma yake, na sauti ya Bwana ikaanza, chini, bila kupanda.

Scolastika alivuta kiti. Telegramu hulipiwa kwa neno, na humo ndani hakuna nafasi ya wapi wala kwa kifaa gani wala kiasi gani. Wao Geita walikuwa na pampu mia. Wangeweza kupulizia, kumwagia, kutiririsha kwa mpira wa pampu, chochote. Alitaka neno moja pana litakalozima yote hayo kwa pamoja, na akalijua kabla kidole hakijagusa herufi ya kwanza.

*Pampu zisitumike*, aliandika, kwa Kiingereza chake cha wazi, na safari hii lilikuwa *use*, na lilikuwa mahali pake. *Subirini barua.*

Alichomoa karatasi, akavaa kandambili alizokuwa amezivua chini ya meza, akaanza kutembea kuelekea barabarani, ambako lori la posta lilikuwa likipita saa sita kwenda Shinyanga, penye ofisi ya simu.